Nyama iliyobaki kwenye sinia: Idi na Pasaka za wasichana wawili wa Mombasa

Jumatatu ya tarehe 31 Machi 2025 msichana Mkristo alialikwa Idi nyumbani kwa mwenzake Mji wa Kale. Akala wali, akala kachumbari, akanywa sharubati, nyama akaiacha. Wakati wa kuondoka mama mwenye nyumba akamtia noti mkononi, naye akairudisha: "Asante mama, nauli ninayo." Kesho yake darasani wawili hao hawakusemezana, na shule ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo.

Mimi ndiye mwalimu wao wa darasa, na somo ninalofundisha ni Jiografia. Nimesikia kisa hiki kwa wasichana wenyewe, kila mmoja peke yake, kisha kwa mama zao. Wote wamekubali nikiandike mradi nisitaje shule wala majina yao, kwa hiyo nitawaita Rukia na Wakesho. Rukia ni Mswahili wa Kibokoni. Wakesho ni Mtaita, Mkatoliki, wazazi wake wametoka Bura na sasa wanakaa Tudor.

Kuna jambo moja la shule ambalo asiyelijua atashangaa vipi watoto wa mji kama huu wasijuane. Wakesho na Rukia wanakaa dawati moja, wanaazimana rula, wananunua viazi karai kwa mama mmoja. Lakini kipindi cha dini kikifika, darasa linagawanyika. Wa Elimu ya Dini ya Kiislamu wanahamia chumba kingine, wa Elimu ya Dini ya Kikristo wanabaki. Kila mmoja anasomeshwa dini yake vizuri na anafaulu mtihani wake. Mambo ya mwenzake anayajua kwa kuchungulia tu, na kuchungulia ndiko kulikoleta kisa hiki.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, Waislamu wakiwa tayari wamo katika mfungo siku chache. Asubuhi hiyo Wakesho alipitia kanisani kabla ya shule, akaja na alama nyeusi kwenye paji la uso. Rukia akatoa leso amfute.

"Una masizi usoni."

"Wacha! Ni ya kanisani hayo."

Wakesho akamweleza: ni majivu ya matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, hukusanywa yakachomwa, na padre humpaka kila mtu kumkumbusha kwamba ni mavumbi na mavumbini atarudi. Ndio mwanzo wa kufunga. Rukia akafurahi kupata mwenzake wa kushinda naye njaa. Furaha hiyo iliisha saa nne, wakati wa mapumziko, alipomwona "mwenye kufunga" akila mandazi mawili na chai.

"Mfungo gani huu wa mandazi?"

Wakesho hakuwa na jibu la haraka, na mtu asiye na jibu hukasirika. Jibu lilikuwepo. Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka mtu wa miaka 18 mpaka 59 afunge siku mbili tu za Kwaresima, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kufunga huko maana yake ni mlo mmoja kamili na vijimlo viwili vidogo. Kuacha nyama ni sharti jingine, nalo linaanza miaka 14. Wakesho alikuwa na miaka 15. Mfungo haukumpasa, nyama ndiyo aliyokatazwa, na mandazi hayana nyama. Hayo anayasoma katika chumba ambacho Rukia haingii. Rukia naye alimpima kwa pishi ya Ramadhani: tangu alfajiri mpaka magharibi, hakuna hata tone la maji, na anayebaleghe ameshaingia.

Wiki mbili baadaye zamu ikageuka. Rukia alionekana nyuma ya maktaba akinywa maji. Wakesho akapaza sauti mbele ya wavulana: "Kumbe na wewe unakula!" Hakuwa na nia mbaya, alikuwa analipiza yale mandazi. Lakini msichana Mwislamu akiwa hedhini hafungi wala haswali, na siku zile za mfungo atazilipa baadaye, kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Ndiyo maana katika nyumba za Kiislamu huulizi msichana wala mwanamke kwa nini leo hafungi. Ukimwona anakula pembeni, unapita. Rukia alitoka mbio. Ni mwalimu mwenzangu wa kike aliyemwita Wakesho faraghani akamweleza, naye akaenda kuomba radhi. Radhi ikakubaliwa, na mwaliko wa Idi ukatoka hapo hapo kama muhuri wa mapatano.

Mwaliko wenyewe ulikuwa hivi: "Njoo kwetu Idi. Itakuwa Jumapili au Jumatatu, inategemea mwezi."

Kwa masikio ya Rukia sentensi hiyo haina dosari. Ameisikia tangu utotoni. Kwa Wakesho, siku isiyojulikana si siku. Akamwuliza baba yake, na baba akamjibu kwamba serikali imetangaza Jumatatu tarehe 31 kuwa sikukuu ya taifa, hivyo Idi ni Jumatatu. Hakuna aliyemwambia Wakesho kwamba Mombasa tangazo la mapumziko ya kazi na mwezi wa nyumba fulani ni vitu viwili.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye somo langu. Mwezi mpya, kwa maana ya jua, mwezi na dunia kupangana mstari mmoja, ulitokea Jumamosi tarehe 29 Machi karibu saa nane mchana kwa saa zetu. Jua linatua Mombasa majira hayo yapata saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa hiyo mtu aliyekwenda ufukweni Jumamosi hiyo magharibi kuutafuta mwezi alikuwa anatafuta mwezi usiotimiza hata saa tano. Jicho tupu kwa kawaida linahitaji mwezi wa saa 15 au zaidi ndipo liuone ule uzi mwembamba. Jioni ya Jumapili mwezi huohuo ulikuwa na saa 28, na huo unaonekana. Saudi Arabia ilitangaza Idi Jumapili. Waislamu wa hapa wanaosema mwezi ukithibiti popote unawatosha wote wakafuata hiyo, na wanaosema kila nchi ina matlai yake, yaani mwezi lazima uandame katika upeo wao wenyewe, wakakamilisha siku yao ya Jumapili na kuswali Jumatatu. Siingii katika hukumu ya nani kapatia. Zote mbili ni rai za wanazuoni tangu zamani, na mjini kwetu unaweza kukuta ndugu wawili, mmoja anakula tende asubuhi na mwingine bado amefunga.

Nyumba ya Rukia ilifuata rai ya kwanza. Jumamosi usiku habari zikafika, takbira zikaanza, mama akawasha jiko. Rukia akatuma ujumbe kwa simu ya mama yake saa nne usiku: "Idi kesho, njoo." Simu aliyoitumia ujumbe ni ya mama yake Wakesho, ambayo usiku huzimwa. Ilipowashwa asubuhi, mama alikuwa anakimbilia misa ya kwanza. Ujumbe ulisomwa saa sita mchana, na Wakesho akajibu kwa heshima zote kwamba atakuja kesho, maana Idi ni kesho.

Jumapili hiyo Rukia alimngoja mpaka alasiri. Walikuwa wamemwekea sahani yake.

Sasa angalieni jinsi siku hiyo moja ilivyogeuza mambo upande wa pili. Baba na mama yake Wakesho walikuwa wamekubaliana na watoto wao kuacha nyama Kwaresima nzima, zaidi ya Ijumaa ambazo Kanisa limeagiza. Ni nadhiri ya nyumbani, si amri ya padre. Lakini Kwaresima ina hesabu yake: kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, na Jumapili sita zilizomo hazihesabiwi katika zile 40, kwa kuwa kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko. Nyumbani kwao Jumapili nyama ilikuwa ruhusa. Angefika Jumapili, siku ya Idi ya akina Rukia, angekula biriani yote na kuomba nyongeza. Alifika Jumatatu, siku ya Idi ya serikali, na nyama ikawa imefungwa.

Alifika yapata saa tano asubuhi na mfuko wa maembe na ndizi. Mama yake alikuwa na busara hapo: chakula kilichopikwa kingezua maswali ya sufuria na mafuta, matunda hayana maswali. Akabisha hodi, akatoa shikamoo kwa bibi na kwa mama. Siku ya pili ya Idi nyumba bado ina wageni, kwa hiyo hakuna aliyemwona kachelewa isipokuwa Rukia, ambaye alikuwa na dukuduku la jana. Mama akapika upya kwa ajili yake. Biriani ya Mombasa, kwa msomaji wa bara, haichanganywi chunguni: wali unapakuliwa peke yake na rosti la nyama linamiminwa juu au pembeni. Wakala wanawake wanne sinia moja. Na kwenye sinia kuna adabu ambayo haisemwi, mwenye nyumba huvuta minofu kwa vidole na kuisogeza upande wa mgeni. Kila mama alipomsogezea, Wakesho alikula wali wa pembeni yake. Minofu ikaongezeka. Kwenye sahani ya mtu binafsi ungeweza kuificha chini ya wali. Kwenye sinia ililundikana mbele yake na kila mtu aliiona.

Bibi yake Rukia ndiye aliyeuliza kwa sauti ya chini, akidhani mgeni hasikii: "Huyu aogopa nyama yetu?"

Nilimwuliza Wakesho kwa nini hakusema. Akaniambia aliona aibu kutaja mfungo wake mbele ya watu waliofunga siku 29 bila maji, hasa baada ya yale maneno ya mandazi. Jibu hilo lina uzito kuliko yote niliyoyasikia katika kisa hiki. Dhihaka ya tarehe 5 Machi ndiyo iliyomfunga mdomo tarehe 31.

Kisha ile noti. Idi ya Mswahili haina mtoto asiyepewa pesa. Mtoto anazunguka kwa shangazi, kwa wajomba, kwa majirani, anatoa mkono wa Idi na anatiwa kitu, na jioni pesa hizo zinakwenda Makadara kwenye bembea na vibanda vya aiskrimu. Mama Rukia alimpa Wakesho kama anavyowapa wanawe. Wakesho aliiona noti ya shilingi mia moja akadhani amehurumiwa, msichana wa Tudor aliyekuja kwa matatu. Kurudisha pesa ya Idi ni kama kumwambia mama wa watu kwamba wewe si mtoto wake. Mama Rukia aliichukua akatabasamu, na mwanawe akaona lile tabasamu.

Wakati wa kuwakalisha pamoja Jumatano, sikuwapa hotuba. Niliwapa karatasi kila mmoja aandike aliyoyafanya mwenzake na sababu anayoidhania, kisha wakabadilishana. Wakesho alisoma: "Hukuja Jumapili kwa sababu hukujali, na nyama hukula kwa sababu tumechinja sisi." Rukia alisoma: "Mama yako alinipa nauli kwa sababu mnaona sisi maskini." Wakaanza kujibizana wote kwa pamoja, na katika kelele hizo kila kitu kikatoka, Jumapili sita, nadhiri, pesa za Makadara. Rukia aliposikia habari ya nadhiri alishika kichwa. "Si ungesema tu! Kwetu samaki hawakosi. Mama angekupikia biriani ya changu." Na kweli, samaki hahesabiwi kuwa nyama katika kujinyima kwa Wakatoliki, jambo ambalo katika mji wenye soko la samaki hatua chache kutoka nyumbani lingemaliza shida yote.

Katekista mmoja niliyemsimulia alisema Wakesho angeweza kula tu, maana nadhiri ya hiari hupisha upendo wa jirani, na kumtia mwenyeji aibu ni kosa kubwa kuliko kula mnofu. Huenda kwa upande wa sheria zao yuko sahihi. Mimi nasimama na Wakesho hata hivyo. Nyumba iliyotoka kufunga mwezi mzima ingemwelewa mtu anayetunza ahadi yake kwa Mungu kuliko watu wengine wowote, kama angesema mlangoni kabla sinia halijawekwa. Kilichokosekana kilikuwa sentensi moja ya dakika moja.

Pasaka ikawa mtihani wa pili, na safari hii mwaliko ulitoka Tudor. Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili, shule zimefungwa. Baba yake Rukia alitoa masharti mawili kwa utaratibu: aende chakula cha mchana, asiende misa. Wakesho aliponiambia hivyo alikuwa ameudhika kidogo. Nikamkumbusha kwamba yeye pia alialikwa biriani, hakualikwa kusimama safu kwenye swala ya Idi, na baba yake mwenyewe asingemruhusu. Familia zote mbili zilichora mstari mahali pamoja, chakula ndani, ibada nje.

Shida ya kwanza ilikuwa kuku. Mombasa mkaaji wa Tudor akinunua nyama buchani hana haja ya kuuliza, mabucha mengi yanachinjiwa na Waislamu na Wakristo wamekula halali miaka yote bila kuhisi tofauti. Lakini kuku wa Pasaka wa akina Wakesho hawatoki buchani. Babu huwaleta wazima kutoka Bura, wa kienyeji, miguu imefungwa kamba, na kaka mkubwa ndiye huwachinja. Katika Suratul Maida, aya ya 5, chakula cha waliopewa Kitabu kimehalalishwa kwa Waislamu, na wanazuoni wameifafanua kwa masharti yanayotofautiana. Watu wa pwani hawapendi kupeleka mgeni kwenye tofauti hizo. Desturi ni kumwita jirani Mwislamu achinje, iwe harusi, iwe matanga. Mama yake Wakesho alimwita mzee wa nyumba ya tatu. Akaja na kisu chake, akataja jina la Mungu, akakata koo, umio na mishipa kwa mkupuo mmoja, akasubiri damu itoke yote ndipo kuku akatiwa maji ya moto. Babu alilalamika kwamba kuku wake wamechinjwa na mgeni. Alipewa firigisi akanyamaza.

Sufuria ziliazimwa kwa mzee huyohuyo, kwa kuwa zao zilishapikia nguruwe Krismasi iliyopita. Shida iliyowagharimu zaidi ilikuwa bia. Wajomba wa Wakesho hunywa Pasaka, na Mwislamu anayejiheshimu haketi kwenye meza inayonywewa pombe hata kama glasi yake ina maji. Mama yake Wakesho aliamua kreti ikae chumba cha nyuma mpaka mgeni aondoke. Mjomba mmoja alikwenda zake saa nane kwa hasira, akarudi jioni. Nampa mama huyo alama kubwa kuliko wengine wote kisani, kwa sababu hili halikumwangukia yeye wala mwanawe, lilikuwa la kugombana na ndugu zake wa damu kwa ajili ya mtoto wa watu.

Rukia akala kuku, chapati na kimanga, ambacho hakuwa amekiona maishani, muhogo uliopondwa na maharagwe. Alasiri ilipoingia akaomba mahali pa kuswali. Kibla cha Mombasa ni kaskazini, karibu kaskazini kamili ya dira, kwa kuwa Makka iko juu yetu kwenye longitudo ambayo ni kama yetu. Na ukuta wa kaskazini wa sebule ya akina Wakesho ndio uliobeba msalaba na picha ya Moyo Mtakatifu. Wakesho akataka kuiteremsha picha. Rukia akamkataza: "Wacha, ni yenu. Nipe chumba kingine." Akapewa chumba cha wasichana, leso safi mbili, na mlango ukafungwa.

Penye ugumu wa kweli palikuwa kwenye salamu. Bibi yake Wakesho humsalimia kila aingiaye Pasaka kwa "Bwana amefufuka," na anayeingia hujibu "Amefufuka kweli." Rukia alisimama mlangoni bila jibu. Qurani, katika Suratun Nisaa aya ya 157, inakanusha kwamba Isa aliuawa au kusulubiwa, na Pasaka yote imesimama juu ya kifo hicho na kufufuka. Biriani na kuku vina njia ya kuzungukia. Hili halina. Baba yake alikuwa amemwambia aseme "Sikukuu njema" na asiongeze, na ndivyo alivyosema. Bibi akamwangalia, akasema "Nawe mjukuu wangu," wakaendelea. Sioni kwamba mmoja wao alipaswa kulegea zaidi. Kuna watu watakaosema Rukia alitakiwa akae nyumbani kabisa, na wengine kwamba angejibu tu kuwafurahisha. Hao wa pili ndio ninaowaogopa zaidi, kwa sababu binti anayesema asichokiamini ili apate chapati hawezi tena kuaminiwa anaposema anachokiamini.

Muhula wa pili ulipofunguliwa walinijia na swali moja. Kama Idi inafuata mwezi, Pasaka inafuata nini hata leo iwe Machi, kesho Aprili? Niliwachorea ubaoni. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kanuni hiyo inarudi nyuma mpaka Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ulioagiza Wakristo wote waadhimishe siku moja, na Kanisa hutumia majedwali ya mahesabu, halitumi mtu ufukweni kutazama. Mwaka 2025 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 13 Aprili, ambayo yenyewe ilikuwa Jumapili. Kwa kuwa ni lazima iwe Jumapili iliyo baada yake, Pasaka ikasukumwa hadi tarehe 20.

"Hesabuni nyuma," nikawaambia. Ukianza kuhesabu Mfungo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, tangu Jumatatu tarehe 31 Machi, tarehe 13 Aprili ni siku ya kumi na nne. Ukianza Jumapili, ni ya kumi na tano. Mwezi uliomkosesha Wakesho biriani ndio uliopevuka ukaleta Pasaka yake. Rukia akauliza kama ni hivyo kila mwaka. Hapana. Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua, Pasaka hucheza baina ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili bila kutoka hapo. Mwaka 2024 Pasaka ilitangulia, tarehe 31 Machi, na Idi ikaja Aprili 10. Mwaka 2026 na 2027 zitabebwa tena na Mfungo Mosi uleule, mwaka 2028 mwezi wa Pasaka utakuwa Mfungo Pili, na hapo zinaachana. Kwa maana nyingine, wakimaliza kidato cha nne mwaka 2027 watakuwa wamepitia miaka yote mitatu ambayo sikukuu hizi zinakaa mwezi mmoja, na kila mara Idi itamkuta Wakesho ndani ya Kwaresima.

Waliandika hilo kwenye daftari, na Wakesho akaongeza pembeni: "Idi ikiwa Jumapili, nyama. Siku nyingine, samaki."

Idi ya kuchinja ilikuwa mwanzoni mwa Juni, na hiyo ina nafuu moja kwa mgeni. Mwezi wake hutazamwa mwanzoni mwa Mfungo Tatu na sikukuu ni siku ya kumi, kwa hiyo nyumba inajua siku yake siku tisa kabla, haikurupushwi usiku. Rukia alileta tarehe shuleni mapema, imeandikwa kwenye kipande cha karatasi na jina la mtaa. Wakesho akaisoma, akauliza aje saa ngapi.

"Usije asubuhi sana. Siku hiyo hatuli mpaka tutoke kuswali, na mbuzi hachinjwi kabla ya swala. Njoo saa sita."

"Na mama yako akinipa pesa?"

"Pokea, twende Makadara."